Kuieleza Kanga kwa Programu ya Picha: Pindo, Mji na Mahali pa Jina

Mtu anayeiomba programu ya akili unde imchoree mwanamke aliyevaa kanga kwa kawaida huandika sentensi moja tu, kwamba anataka mwanamke wa Dar es Salaam aliyevaa kanga yenye methali pembeni. Picha inayorudi huwa na kitambaa cha kupendeza, lakini mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru ataona mara moja kwamba hicho ni kitenge kilichoandikwa. Maua yametapakaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila mpaka, maneno yamezungushwa pande zote nne kama mapambo ya cheti, na herufi zenyewe hazisomeki. Lawama zote hupewa programu, ingawa sehemu kubwa ya kosa imo ndani ya maelekezo. Kanga ina mpangilio ambao wengi wetu tunautambua kwa jicho bila kuwahi kulazimika kuutaja kwa maneno, na programu haina jicho hilo.

Nitafuata kanga moja tu tangu inapokuwa mchoro bapa hadi inapovaliwa. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza sababu zake, ni kwamba mpangilio wa kitambaa unaweza kuachiwa programu iwapo umeelezwa kwa nafasi na vipimo, lakini jina la kanga ni afadhali liandikwe na mtu mwenyewe mwishoni.

Mahali pa jina

Chukua kanga iliyo nyumbani, uitandaze kitandani ili maandishi yasomeke vizuri kutoka uliposimama, kisha uipime kwa futi ya fundi cherehani. Vipimo hutofautiana kidogo kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, lakini kipande kimoja huwa na urefu wa takribani sentimita 150 na kimo cha takribani sentimita 110. Pindo, yaani ukanda wa mapambo, huzunguka pande zote nne. Uwanja ulio ndani ya pindo ndio mji. Jina, ambalo wengine huliita ujumbe au maneno ya kanga, limo ndani ya mji, katikati ya upande mrefu, juu kidogo tu ya pindo la chini. Huandikwa kwa herufi kubwa katika mstari mmoja, mara nyingi ndani ya kisanduku kirefu na chembamba, na mara nyingine bila kisanduku.

Hapa ndipo maelekezo mengi yanapokosea. Mwandishi anaposema kwamba methali iko pembeni, au kwamba pindo lina methali, programu humtii, na kwa kumtii huyaondoa maneno mjini na kuyapeleka kwenye pindo. Wakati mwingine huyarudia maneno hayo pande nne, ya juu yakiwa yamepinduka na ya pembeni yakiwa yamesimama wima. Hakuna kanga ya kawaida iliyopangwa hivyo. Ukitaka jina likae mahali pake, lazima uligawe pindo na jina katika sentensi mbili tofauti, kila moja ikiwa na mahali pake, wala usiyaweke maneno hayo mawili karibu karibu ndani ya sentensi moja.

Mji nao una mipangilio yake. Upo mji wenye mchoro mmoja mkubwa katikati na michoro midogo kwenye pembe nne, upo ulionyunyiziwa madoa au maua madogo kila mahali, na upo ulioachwa karibu mtupu ili jina na pindo vionekane. Usipochagua, programu itakuchagulia mpangilio wa kitenge, kwa sababu picha nyingi za vitambaa vya Afrika ilizofunzwa nazo ni za vitenge, na kitenge hakina mji. Mchoro wake hujirudia mfululizo kwenye jora lote.

Jambo la rangi ni fupi. Kanga hupigwa chapa kwa rangi chache, na kila rangi hukaa bapa, bila kufifia taratibu kuelekea nyingine kama anga la machweo. Kwa hiyo taja idadi ya rangi na useme ni bapa. Uchaguzi wenyewe unahitaji busara ya mahali: nyekundu, nyeusi na nyeupe zikiwekwa pamoja zitamkumbusha mtazamaji kisutu na harusi, na kijani na njano hapa Dar es Salaam zitamkumbusha mkutano wa chama, hata kama ulikuwa unafikiria ndizi mbivu na mgomba.

Maneno ya nyumbani yanayoipoteza programu

Baadhi ya programu za sasa zinaelewa Kiswahili vya kutosha kupokea maelekezo marefu, lakini maana zinazozijia kwanza ni zile za kawaida, wala si zile za wauza kanga. Ukiandika mji mwekundu, unaweza kupata nyumba nyekundu na barabara. Ukiandika kanga yenye madoa bila kutaja kitambaa, usishangae ukiletewa ndege. Pindo huweza kueleweka kama ule mkunjo mwembamba wa fundi ulioshonwa ukingoni, ndipo unapopata kitambaa chenye uzi mwembamba pembeni badala ya ukanda mpana wa mapambo. Nayo rangi ya damu ya mzee, ambayo muuzaji yeyote wa Kariakoo ataichomoa rafuni bila kuuliza, ni hatari kuiandika mahali ambapo msomaji hajui kwamba ni jina la rangi.

Dawa yake ni kuacha majina na kutaja umbo, nafasi na uwiano. Badala ya pindo, sema ukanda mpana wa mapambo unaozunguka pande nne, na useme upana wake ni sehemu gani ya kimo cha kitambaa. Badala ya mji, sema uwanja ulio ndani ya ukanda. Rangi zitajwe kwa maneno ya kawaida pamoja na namba zake za skrini. Neno kanga linaweza kubaki mara moja, mwanzoni, likifuatwa papo hapo na neno kitambaa. Kama programu yako inafuata Kiingereza vizuri zaidi, sentensi zilezile zihamishwe kwa mpangilio uleule; kinachotafsiriwa ni maelezo ya kitambaa, na jina la kanga libaki kama lilivyo.

Kanga moja, hatua ya kwanza: kitambaa bapa

Tuseme muuza kanga anataka picha za doti mpya yenye jina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, ambalo ni jina la zamani na linalojulikana. Mchoro ni wa korosho, lile umbo la tone lenye ncha iliyopinda. Vipimo ni hivi: kitambaa ni sentimita 150 kwa 110, pindo lina upana wa sentimita 18 kila upande, na kwa hiyo mji unabaki na sentimita 114 kwa 74. Kisanduku cha jina kina urefu wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 8, na kiko sentimita 2 juu ya pindo la chini.

Kabla ya kuandika neno lolote, umbo la picha lichaguliwe. Uwiano wa 150 kwa 110 unakaribiana sana na 4:3, ambao programu nyingi hutoa. Ukiacha umbo la mraba, ambalo mara nyingi ndilo chaguo la mwanzo, programu itachora kitambaa cha mraba kama leso ya mkononi, na hakuna maelezo yatakayoirefusha baadaye bila kuvuruga pembe. Maelekezo yenyewe yanaweza kuwa hivi:

```
Kitambaa cha kanga cha pamba, kimetandazwa bapa, kinaonekana
kutoka juu, kimejaza fremu yote. Umbo la mstatili uliolala, 4:3.
Ukanda mpana wa mapambo unazunguka pande zote nne; upana wake
ni sehemu moja ya sita ya kimo: korosho nyeupe zinazojirudia
juu ya nyekundu iliyokolea #6B0F1A.
Ndani ya ukanda kuna uwanja wa chungwa #E8871E.
Chini ya uwanja, juu tu ya ukanda wa chini, katikati, kuna
kisanduku cheupe kitupu, kirefu na chembamba, chenye urefu wa
sehemu tatu za tano za kitambaa.
Juu ya kisanduku: ua moja kubwa katikati, korosho moja kubwa
kila pembe ya nafasi iliyobaki. Rangi tatu tu, bapa.
```

Mpangilio wa sentensi hizo unakwenda kutoka nje kuingia ndani: kitambaa, ukanda, uwanja, kisanduku, kisha mapambo. Nimekitanguliza kisanduku mbele ya ua kwa makusudi. Ukilitaja ua kwanza, programu huliweka katikati kabisa ya uwanja na kuzipeleka korosho za chini kwenye pembe za chini kabisa, na kisanduku kinapokuja hakina pa kukaa isipokuwa juu ya mapambo yaliyokwisha kuchorwa. Hesabu inaonyesha ubanaji huo: mji una upana wa sentimita 114 na kisanduku ni 90, hivyo kila upande wa kisanduku zinabaki sentimita 12 tu. Korosho kubwa haitoshi hapo. Lazima mapambo yapangwe katika sentimita 64 zilizobaki juu ya kisanduku, na ndiyo maana ya yale maneno “pembe ya nafasi iliyobaki”.

Kisanduku nimekiita kitupu, wala sikuandika “bila maandishi”. Programu nyingi, hasa za zamani kidogo, hushika neno maandishi na kuliacha neno bila, na hapo ndipo unapoletewa kisanduku kilichojaa herufi zisizo na lugha. Kitu kinachotakiwa kielezwe kama kilivyo: cheupe, kitupu.

Urefu wa maelekezo nao una mpaka. Matoleo ya mwanzo ya programu ya picha iitwayo Stable Diffusion yanasoma vipande 77 tu vya maneno kwa mara moja, viwili kati yake vikiwa alama za mwanzo na mwisho, na neno la Kiswahili kama “unaozunguka” hukatwakatwa kuwa vipande kadhaa kwa sababu kikataji chake kilitengenezwa kwa maandishi ya Kiingereza. Maelekezo yaliyo hapo juu yanapita mpaka huo, na kinachozidi hakisomwi, isipokuwa pale ambapo programu ya kuiendeshea imewekewa njia ya kuyagawa maelekezo mafungu mafungu. Anayetumia toleo kama hilo hana budi kuyafupisha hadi kwenye umbo, ukanda na kisanduku, kisha mapambo ya mji ayaombe kwa kuchagua eneo la uwanja peke yake na kulichora upya.

Picha inaporudi, macho yaende kwenye pembe nne za pindo kabla ya kitu kingine. Programu hujenga mwonekano wa jumla vizuri na kuteleza kwenye kujirudia, kwa hiyo utaona korosho za upande wa juu zinatazama kulia na za chini zinatazama ovyo, au pembe moja ina ua ambalo pembe nyingine hazina. Kama pembe moja imetoka vizuri, ni rahisi zaidi kuikata robo hiyo ya pindo na kuigeuza kwa kioo kuliko kuomba picha mpya mara nyingi. Lakini mji na kisanduku chake vibaki nje ya kazi hiyo ya kioo, kwa sababu kanga haina kisanduku cha juu, na mapambo ya mji yamesogezwa juu ya kisanduku. Hakikisha pia kwamba pindo halikujazwa mistari midogo inayofanana na maandishi. Kanga halisi mara nyingi huwa na maandishi madogo ya kiwanda na namba ya mchoro karibu na ukingo, na programu zilizoona picha hizo huyaiga kwa mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo ifutwe, wala isigeuzwe kuwa alama ya kiwanda cha mtu mwingine.

Kwa nini herufi huharibika

Sababu ya kwanza iko kwenye usomaji. Programu ya picha kwa kawaida haipokei maneno yako herufi kwa herufi. Huyapokea kama vipande, kila kipande kikiwa na namba yake. Neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja ambacho programu imekutana nacho pamoja na picha za mabango na vitabu mara nyingi mno, kiasi cha kukariri namna linavyoandikwa. SIPATI na SIKATI hazina bahati hiyo. Zinafika zikiwa zimevunjwa mahali pasipotarajiwa, na programu inabaki kukisia ni herufi zipi zilizo ndani ya vipande hivyo. Programu mpya zinazotumia visomaji vikubwa vya lugha zimepunguza tatizo hili sana kwa maneno mafupi, na jina kama WEMA HAUOZI linaweza kutoka sawasawa. Jina la maneno manne yanayofanana sauti ni mtihani mwingine.

Katika jina letu hatari iko mahali pawili. TAMAA ina A mbili mwishoni, na programu hupenda kuila moja au kuongeza ya tatu. Hilo ni kosa la aibu, lakini maana inabaki. Kosa baya zaidi ni kubadilishana kwa P na K. Jina linasema kwamba ingawa mtu hapati, hakati tamaa. Herufi hizo mbili zikihama, kanga itasema JAPO SIKATI TAMAA SIPATI, yaani pamoja na kutokata tamaa kwake hapati kitu, na aliyekusudia kununua kanga ya kumtia mtu moyo atakuwa amenunua ya kumkatisha tamaa. Herufi zote ni sahihi, maneno yote yapo, na mtu anayeikagua picha haraka haraka ataipitisha.

Sababu ya pili ni ukubwa. Programu nyingi za aina hii, zikiwemo za familia ya Stable Diffusion, huichora kwanza picha iliyobanwa, ambamo kila mraba mmoja unabeba eneo la pikseli 8 kwa 8, kisha huifungua. Picha yetu bapa ikiwa na upana wa pikseli 1200, kila sentimita ya kanga inapata pikseli 8. Herufi yenye kimo cha sentimita 4 inapata pikseli 32, yaani miraba minne. Hapo inawezekana. Sasa chukua picha ya mtu mzima aliyesimama: mwanamke wa sentimita 160 akiwa amechukua pikseli 1080 za kimo cha picha, kila sentimita inapata chini kidogo ya pikseli 7, na herufi ileile inashuka hadi pikseli 27, miraba mitatu na kidogo. Mguu wa herufi wenye unene wa nusu sentimita haufiki hata nusu ya mraba. Ongeza mikunjo ya kitambaa, na utaona kwa nini E hugeuka F na O hugeuka tundu.

Ndiyo maana kuiongezea programu msisitizo, kwa kuandika jina mara tatu au kuliweka ndani ya alama za kunukuu, husaidia kidogo kwenye picha bapa na karibu hakusaidii kitu kwenye picha ya mtu mzima.

Hatua ya pili: kuliandika jina

Picha bapa ifunguliwe katika programu ya uchoraji kama Inkscape au GIMP, na jina liandikwe juu ya kisanduku kitupu kama tabaka la pekee. Jina lina herufi 21 na nafasi 3, jumla 24. Ukilipatia sentimita 84 kati ya zile 90 za kisanduku, kila herufi inapata sentimita 3.5, kipimo kinachoelekeana na kimo cha sentimita 4. Tumia herufi nene zisizo na vijimkia. Herufi za mwandiko wa harusi zinavutia kwenye kadi, lakini kwenye kanga zinaonekana za kuazimwa. Rangi ya herufi iwe ile nyekundu iliyokolea ya pindo, kwa sababu rangi ya nne ingevunja ahadi ya rangi tatu.

Anayetaka kanga ya enzi za mwanzo aelewe kwamba majina ya wakati huo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo programu huziharibu zaidi, kwa kuwa zinaunganika na hubadilika umbo kufuatana na jirani. Hapo kuandika kwa mkono kunakuwa lazima.

Hatua ya tatu: kumvika mtu

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vya mchoro na jina lilelile. Maelekezo yasipolisema hilo, programu humvika mwanamke kipande kimoja cha korosho kiunoni na kingine cha maua tofauti kichwani. Kwa hatua hii ambatisha ile picha bapa yenye kisanduku kitupu, usiambatishe yenye jina. Programu huichora upya picha unayoipa. Ukiipa herufi sahihi itazichora upya nazo, na makosa uliyoyaepuka yatarudi.

Kabla ya kuomba, ni vizuri kujua jina litaangukia wapi. Mwanamke anayejifunga kanga kiunoni hushika ncha mbili na kuiacha sehemu ya katikati ya kitambaa iwe nyuma, kwa hiyo jina huwa nyuma. Kisanduku kinaanza sentimita 20 kutoka ukingo wa chini, na ukingo huo ukiwa karibu na vifundo, jina litakuwa usawa wa vigimbi. Akijifunga kifuani, litapanda hadi karibu na magoti. Akijitanda kichwani na mabegani, litaangukia usawa wa nyonga. Mbele, ambako ncha mbili hupishana, kinachoonekana ni pindo la upande mfupi likishuka wima kutoka kiunoni hadi chini. Picha inayoonyesha jina tumboni au kifuani imekosea, na picha ya mbele isiyo na pindo la wima imemvika mtu sketi.

Kuna jambo jingine ambalo macho ya wengi hayaligundui. Kitambaa kilichozunguka mwili kina mzingo wa takribani sentimita 100, na anayetazama kutoka nyuma huona nusu yake, sentimita 50. Jina letu lina sentimita 84. Haliwezi kuonekana lote. Kitakachosomeka ni SIPATI TAMAA, huku JAPO na SIKATI zikipinda kuelekea ubavuni. Picha inayolionyesha jina lote likiwa limenyooka nyuma ya mtu aliyejifunga kanga inaonekana ya bandia hata kwa mtazamaji asiyeweza kusema ni kwa nini. Muuzaji akitaka jina lote lisomeke, aombe kanga iliyotundikwa kwenye kamba, au iliyoshikwa na mtu aliyenyoosha mikono miwili. Kwa picha ya vazi, maelekezo yanaweza kuwa mafupi:

```
Tumia kitambaa cha picha iliyoambatishwa, mchoro na rangi vilevile.
Mwanamke mzima amesimama, anaonekana kutoka nyuma.
Kipande kimoja amejifunga kiunoni hadi vifundoni; kipande cha
pili cha mchoro uleule amejitanda kichwani na mabegani, kinafika
magotini. Kisanduku cheupe kitupu kiko usawa wa vigimbi kwenye
kipande cha chini, na usawa wa nyonga kwenye cha juu.
Mwanga wa mchana, mikunjo ya pamba nyepesi.
```

Maneno “pamba nyepesi” yana kazi. Bila hayo kitambaa hutoka kizito na chenye kung'aa kama pazia la sebuleni, na mikunjo yake huwa minene kupita ile ya kanga.

Jina sasa lipachikwe kwenye visanduku viwili. Katika GIMP, tabaka la herufi hupindwa kwa `Warp Transform` hadi lifuate mduara wa kitambaa, herufi za pembeni zikibanwa zaidi kuliko za katikati, na zile zilizopita ubavuni zifutwe kabisa. Kisha hali ya tabaka iwekwe `Multiply`, ili vivuli vya mikunjo vipite ndani ya herufi. Zisipokuwa na vivuli zitaonekana kama stika. Mkunjo ukipita katikati ya herufi, herufi hiyo ikatwe na upande mmoja ushushwe kidogo. Kazi ya mwisho ni kulisoma jina kutoka kulia kwenda kushoto, herufi moja moja, kwa sababu anayelijua jina kwa moyo huyaona maneno anayoyategemea hata yasipokuwapo.

Picha ya mtu aliyevaa inafaa kwa tangazo na kwa kumwonyesha mteja. Anayekwenda kuagiza kanga zipigwe chapa apeleke mchoro bapa pamoja na tabaka la jina likiwa peke yake, na rangi tatu zikiwa zimetenganishwa, maana pikseli 1200 kwenye sentimita 150 ni pikseli 20 tu kwa kila inchi, na korosho zikikuzwa hadi ukubwa wa kanga halisi zitakuwa na kingo za ngazi. Mchoraji wa kiwanda atalazimika kuzichora upya kwa mistari, na kazi hiyo humwia rahisi pale robo moja ya kanga inapokuwa safi kuliko anapopewa kanga nzima yenye pembe nne zisizofanana.